Karatasi A na Karatasi B

Barua ya chuo ilisema nimechaguliwa, kisha mistari miwili chini yake ikasema bado sijachaguliwa. Niliisoma mara nyingi nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha nyumba yetu, mlimani juu ya Mbeya, nisielewe ni lipi nilishike. Ilikuwa miaka ya hamsini, Malkia akiwa bado mgeni kwenye stempu, na chuo chenyewe kilikuwa cha misheni, nje kidogo ya mji wa Iringa, cha kufundisha walimu wa kike.

Tatizo lilikuwa jina langu la ukoo. Kwenye cheti cha ubatizo mchungaji Mzungu alikuwa ameliandika kwa B. Kwenye cheti cha darasa la nane mwalimu wangu, mtu wa mbali asiyejua Kinyakyusa, alikuwa ameliandika kwa W. Kila mmoja aliandika alivyosikia, wala siwalaumu, maana sauti yenyewe inakaa katikati hapo. Lakini chuo kiliona wasichana wawili na kitanda kimoja. Kilitaka hati ya kiapo, yaani maandishi ya mtu mzima aliyenijua tangu kuzaliwa, akiapa mbele ya hakimu kwamba wa B na wa W ni mtu mmoja. Nisipofika nayo siku ya kufungua, kitanda kingepewa mwingine.

Aliyenijua tangu kuzaliwa alikuwa mama peke yake. Baba alikuwa amekwisha kufa, baba mdogo alikuwa amekwenda kwenye migodi ya shaba na hatukujua yuko mgodi gani. Babu aliyetuachia lile jina alikufa kabla sijazaliwa. Sisi tuliishi kati ya Wasafwa, mbali na watu wetu wa Tukuyu, mama akilima viazi na mbaazi, na kila Jumapili akiwa kwenye benchi la mbele kanisani.

Sasa, lazima niseme kwamba mama hakutaka niende Iringa. Hakulisema wazi. Alisema tu kwamba Iringa kuna baridi, kana kwamba sisi tulikuwa tunaishi kando ya tanuri. Alisema Wahehe ni wakali. Alisema pia kwamba msichana akisoma sana macho yanaharibika, kisha akanifulia gauni na kulipiga pasi ya mkaa. Nilishindwa kumwelewa.

Tuliteremka Boma asubuhi. Karani aliyetupokea alikuwa Mwislamu mzaliwa wa Iringa, babu zake wakiwa watu wa pwani, mwenye kofia safi na Kiswahili kilichonyooka. Ndiye aliyekuwa mkalimani pia. Kinyakyusa alikijua kile cha sokoni, cha kuulizia ndizi na kupatania. Alivichukua vyeti vyangu, akatuuliza maswali, akagonga taipu kwa Kiingereza, akatoa karatasi na kuipuliza ingawa wino haukuwa na unyevu wowote.

"Mama," alisema, "Bwana Shauri atakusomea haya, mimi nitakuambia kwa lugha yako. Ukikubali kwamba ni kweli, utashika Biblia, utaapa, utaweka dole gumba. Basi. Saa hiyo hiyo binti yako ni mwalimu."

Mama alicheka kidogo. Nami nilicheka, maana nilijiona nimeshafika.

Bwana Shauri alikuwa kijana wa Kiingereza mwenye mashavu mekundu, ofisa wa wilaya aliyekuwa pia na madaraka ya hakimu. Alianza kusoma. Karani akafasiri: mimi fulani, Mkristo, mtu mzima, mjane wa fulani mwana wa fulani. Hapo alipolitaja jina la babu, mama alishtuka. Karani akaendelea: kwamba jina hili lililoandikwa hivi, na jina hili lililoandikwa hivi. Akalitaja mara ya pili na ya tatu, tena kwa sauti ya kujisikia, akitofautisha ile B na ile W.

Mama aligeuka, akajifunika kanga kichwani mpaka usoni, akachuchumaa nyuma ya mlango.

Bwana Shauri aliuliza kama mama anaumwa. Karani akamuuliza mama, mama hakujibu. Akamwambia, "Basi sema wewe mwenyewe, mama. Binti yako anaitwa nani? Jina lake lote." Kimya. "Mama, jina lake la ukoo tu." Kanga ikavutwa zaidi.

Bwana Shauri aliiweka karatasi mezani polepole. Alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni kwamba mzazi asiyeweza kutaja jina la mtoto wake humfanya hakimu ajiulize maswali. Pengine si mzazi. Pengine vyeti viwili ni vya wasichana wawili kweli, na mmoja amechukua cha mwenzake. Alisema hanituhumu, lakini hawezi kutia sahihi. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, na sikujua nianze na lipi.

Nilimshika mama mkono nikamtoa mpaka barazani. Watu wa kesi walikuwa wamejaa pale, nami sikujali.

"Kama hutaki niende, si ungesema nyumbani?" nilimwambia. "Umenileta mpaka hapa kunitia aibu?"

"Mwanangu, usipige kelele."

"Jina langu tu! Limekushinda nini?"

Aliniangalia kwa mshangao mkubwa, kana kwamba mimi ndiye niliyechuchumaa nyuma ya mlango. "Wewe nawe," alisema, "unataka nimtaje baba mkwe mbele ya wanaume?"

Sikuelewa. Alikaa chini kwenye ngazi, akanivuta nikae. Akaniambia kwamba alipoolewa alifundishwa kwamba mkwe hatazamwi, hakutanwi naye njiani, na jina lake halitoki kinywani mwa mke wa mwanawe, awe hai au amekufa. Akisikia linatajwa, hujifunika. Hata neno linalofanana nalo huliacha, akatafuta jingine. Nikakumbuka kwamba mama hakuwahi kuita mvua mvua. Aliiita "ile ya juu". Tangu utoto nilidhani ni mzaha wake, na mimi mwenyewe niliwahi kuchekwa shuleni kwa kusema hivyo.

"Lakini umebatizwa," nilimwambia.

"Nimebatizwa mimi. Baba mkwe hakubatizwa."

Nilikuwa nimesikia habari za desturi hiyo kwa bibi mmoja wa kanisani, nikadhani ni mambo ya vikongwe wa zamani. Kumbe nimelala nayo chumba kimoja miaka yote. Nilijaribu kukumbuka ni lini mama aliniita kwa jina langu lote, sikupata hata siku moja. Hasira ilinitoka, lakini kilichokuja mahali pake hakikuwa nafuu. Nilijua sasa kwamba hanizuii kwenda Iringa, na nilijua pia kwamba Iringa imenipotea.

Nilirudi ndani peke yangu nikamweleza karani. Alishika kofia yake. "Kumbe!" alisema. "Na mimi nimelitaja mara ngapi? Nimemtukana mama wa watu!" Akaenda kumweleza Bwana Shauri, nami nikamsikia akieleza mara mbili, maana mara ya kwanza Bwana Shauri alielewa kwamba mama anakataa kuapa.

"Hapana, bwana. Kuapa anakubali. Kutaja ndiko hawezi."

"Anaapaje juu ya jina asiloweza kulitaja?"

"Sijui, bwana."

Bwana Shauri alitazama dirishani, akatazama kitabu cha sheria, akakifunga. Kisha alisema, zaidi kwa nafsi yake, kwamba sheria haimlazimu mwapaji kuyakariri maneno. Inamtaka aelewe anachokiapia. Lakini mtu asiyejua kusoma lazima asomewe, na akisomewa anajifunika, na aliyejifunika hawezi kusemwa kwamba ameelewa. Alizunguka hapo kwa muda. Mwishoni alivichukua vyeti vyangu, akaandika A kwenye kile cha ubatizo na B kwenye kile cha shule, kama wanavyofanya kwa vielelezo vya kiapo, akamwamuru karani apige taipu hati mpya. Safari hii iseme kwamba mtoto aliyeandikwa kwenye karatasi iliyotiwa alama A, na mtoto aliyeandikwa kwenye karatasi iliyotiwa alama B, zote mbili zikiwa zimeambatishwa, ni mtu mmoja, binti wa mwapaji. Pale kwenye "mjane wa" akaandika mjane tu.

Mimi nilizidi kuchanganyikiwa, maana sasa wa B alikuwa ndiye A, na wa W alikuwa ndiye B.

Mama aliingia akiwa ameinamisha kichwa. Karani kwanza aliapa yeye mwenyewe kwamba atafasiri kwa uaminifu. Kisha akamwonyesha mama karatasi moja moja kwa kidole. Mama aliitambua ile ya ubatizo kwa muhuri wa kanisa. "Hii walinipa nikiwa nimembeba, maji bado yanamtiririka." Ile ya shule aliitambua kwa alama ya mafuta ya taa aliyoimwagia mwenyewe. Karani akamsomea hati yote, na safari hii hakujifunika.

"Aliye kwenye A ni nani?" aliuliza Bwana Shauri.

"Huyu hapa."

"Na aliye kwenye B?"

"Huyu huyu. Nilizaa mmoja."

Akashika Agano Jipya la Kinyakyusa kwa mkono wa kulia, akaapa, akaweka dole gumba. Bwana Shauri akaandika chini kwamba hati imesomwa na kufasiriwa, na kwamba mwapaji ameonekana kuielewa. Akatia sahihi na muhuri. Mama alisema "ndaga", yaani asante, akaangalia kidole chake chenye wino muda wote wa kupanda mlima.

Basi la Iringa lilipita Chimala na Igawa, nami niliishika ile bahasha kifuani kila liliposimama. Chuoni mkuu, mmisionari wa kike mwenye miwani, aliisoma hati mara mbili, akauliza ni kiapo gani hiki cha jina kisicho na jina. Nilimfunulia viambatisho. Alisoma A, akasoma B, akanitazama, akaguna. Kisha akaniandika kwa W, na mpaka leo naandikwa hivyo.

Kwa wiki nyingi sikupata habari ya nyumbani. Wenzangu walipata barua, mimi nilijiambia kwamba mama amekasirika, kwamba zile kelele za barazani hazijamtoka, nikaacha kuangalia barua. Siku moja nilisikia wasichana wakicheka kwenye ubao wa barua. Kulikuwa na bahasha iliyokaa pale siku nyingi bila mwenyewe, msichana wa zamu ya barua akiwa amekata tamaa ya kujua ni ya nani, kila mtu akiigeuza na kuirudisha. Mama hakujua kuandika. Alikuwa amemwomba mwinjilisti wa mtaa wetu, mgeni kutoka Njombe, amwandikie, na mwinjilisti lazima alimuuliza aandike jina gani juu, maana jina la ubatizo peke yake lingekuwa la yeyote.

Niliisogelea nikaisoma. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa: Kwa A na B, Chuo cha Walimu, Iringa.

"Ni yangu," nilisema, na wote wakaacha kucheka, maana nilikuwa nalia.