Barua Iliyopigwa Pasi

Mwalimu hajawahi kushika chaki maisha yake yote. Jina hilo alilipata kwa sababu kila aliyeajiriwa kwenye chumba chetu cha kufulia nguo za hospitali, mimi nikiwemo, alipita kwanza mikononi mwake kujifunza kukunja shuka. Ukikunja ovyo hagombi. Anaichukua shuka yako, anaikunjua taratibu, anakurudishia na kusema, "Haya, tusameheane, tuanze upya." Siku yangu ya kwanza tulisameheana mara thelathini na moja, na ile ya mwisho nilitamani kumfunika kichwa kwa shuka yenyewe.

Leo mimi ndiye msimamizi na yeye yuko chini yangu, jambo linalomfurahisha yeye kuliko mimi. Kila asubuhi anasimama mlangoni kwangu na kupiga saluti. "Shikamoo, bosi," anasema, mzee wa miaka hamsini na minane, nami natamani ardhi ipasuke inimeze. Amegundua kwamba naona haya, kwa hiyo ndiyo kwanza anazidisha.

Kuna mwaka alianza kukosa kuja kazini. Si kwa muda mrefu. Leo siku moja, baada ya wiki tatu siku mbili. Mke wake alipiga simu alfajiri, akasema mzee hajisikii vizuri, basi. Kesho yake au keshokutwa Mwalimu alirudi na karatasi ya zahanati, akapiga saluti, akaenda kwenye meza yake. Ndani ya miezi mitano alikuwa ameugua hivyo mara sita.

Utaratibu wetu unasema mtu akikosa kuja kazini kwa ugonjwa mara nne katika miezi sita, hata kama kila mara ana karatasi ya daktari, msimamizi wake amwalike wakae wazungumze. Kuugua si kosa. Kikao ni cha kujua kama kuna kitu ambacho kazi inaweza kurekebisha. Nilikuwa naujua utaratibu huo kwa kichwa, na bado nilijizungusha miezi miwili mizima. Nani anamwandikia barua mtu aliyemfundisha kazi?

Afisa utumishi, kijana mpole wa ofisi ya juu, alinipigia simu kuniuliza nimefikia wapi. Nikamwambia namheshimu mno yule mzee. Akaniuliza:

"Dada, sasa kwa kuwa unampenda ndiyo umwache aumwe peke yake?"

Nilimkasirikia siku nzima kwa kuwa alikuwa sahihi. Jioni akaniletea mfano wa barua. Ulianza hivi: "Unatakiwa kufika bila kukosa ili utoe maelezo kuhusu utoro wako." Nilipanda ngazi mbilimbili hadi ofisini kwake nikiwa nimeishika ile karatasi, nikamuuliza utoro wa nani. Kijana akaitazama, akajishika kichwa. Ilikuwa ni ya mashauri ya nidhamu. Alikuwa amechomoa faili lililo jirani. Akavuta kiti, tukaandika upya sisi wawili, na niseme ukweli, ana mkono mzuri.

Tulimwandikia kwamba tunamwalika kwenye kikao cha kupitia mahudhurio, Alhamisi ya wiki inayofuata, saa nne asubuhi, chumba kidogo cha juu. Tukaorodhesha siku alizokuwa mgonjwa, ili aweze kutusahihisha kama tumekosea. Tukaeleza kwamba anaweza kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na kwamba siku hiyo ikimkwaza aseme tuibadilishe. Ukurasa wa pili ulisema: "Hiki si kikao cha nidhamu. Hatuna shaka kwamba ulikuwa mgonjwa. Huna haja ya kututajia ugonjwa wako kama hutaki. Tungependa kujua hali yako na namna tunavyoweza kukusaidia." Hapo afisa utumishi alitaka kuongeza neno "kwa dhati". Nikamwambia atoe, Mwalimu hapendi sukari nyingi.

Sasa kumpa. Kwetu bahasha ikiletwa mezani kila mtu anajua maana yake. Miaka miwili kabla ya hapo watu kumi na wawili walipunguzwa kazi, na bahasha zao zililetwa hivyohivyo, moja moja, katikati ya kazi. Tangu hapo ukionekana na bahasha mkononi, mashine zinanguruma lakini watu wote kimya. Nilipaswa kumwita ofisini, nifunge mlango, nimweleze kwanza kwa mdomo kisha nimkabidhi. Nikaona nina akili zaidi. Alhamisi jioni, watu walipoondoka, nikaitia barua kwenye mfuko wa ovaroli lake lililoning'inia ukutani, ili aikute asubuhi bila macho ya watu.

Ijumaa Mwalimu hakuja. Mke wake alipiga simu, mzee hajisikii vizuri. Na kila Ijumaa, tangu enzi na enzi, maovaroli yote ya ukutani yanakusanywa na kufuliwa. Kila mtu hukagua mifuko yake mwenyewe. Hiyo ni sheria ya kwanza unayofundishwa hata kabla ya shuka. Miaka kumi na mmoja niko kwenye kazi ya kufua, nikaacha karatasi mfukoni siku ya Alhamisi.

Aliyeikuta ni Mama Cheche, mpiga pasi wetu, mwanamke mwenye moyo mkubwa na mdomo usiofungika. Alitoa mfukoni donge la karatasi. Mtu mwingine angelitupa. Mama Cheche alilibandua polepole, akaliweka kati ya vitambaa viwili na kulipiga pasi. Ukurasa wa pili ulikuwa umekwisha kuwa uji. Wa kwanza ulibaki nusu: jina la Mwalimu, orodha ya siku alizougua, neno "kikao", na kwamba anaweza kuja na mwakilishi wa chama. Jumamosi asubuhi Mama Cheche alikuwa sebuleni kwa Mwalimu akilia kuliko wenye nyumba.

Jumatatu Mwalimu aliingia ofisini kwangu bila saluti. Alivua kofia, akaweka mezani karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Alikuwa anaacha kazi.

"Sitaki kukusumbua, mwanangu," alisema. "Najua hukupenda kuandika ile barua. Nimeona nikupunguzie mzigo."

Nilishikwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani: Mama Cheche, mashine au mimi mwenyewe. Zaidi ya yote niliogopa. Karatasi ile ningeipokea, mambo yangekwisha palepale, kihalali kabisa.

"Mwalimu, siipokei leo," nikasema. "Kwanza nisamehe. Barua yako imesomwa na watu kabla yako, na kosa ni langu. Pili, hukuisoma yote. Keti."

Nikafunga mlango, nikamchapia nakala nyingine. Alisoma na miwani yake ya kamba, kidole kikifuata mstari. Kwenye ukurasa wa pili kidole kilisimama muda mrefu.

"Hapa nani kaandika?"

"Mimi na yule kijana wa juu."

"Hatuna shaka kwamba ulikuwa mgonjwa," akasoma kwa sauti ya chini. Akaikunja barua, pembe kwa pembe, kama anavyokunja kila kitu. Alisema atakuja Alhamisi, siku zinamtosha, na atakuja na Mama Cheche. Lakini ile karatasi yake ya kuacha kazi aliirudisha mfukoni. Nilimwona.

Alhamisi tulikuwa wanne: Mwalimu na Mama Cheche upande mmoja, mimi mbele yao, afisa utumishi pembeni akiandika. Nilimuuliza anaendeleaje. Akasema hajambo. Nikamuuliza kama orodha ya siku iko sawa. Akasema iko sawa. Nikamuuliza kama kuna chochote kazini kinachomchosha au kumuumiza. Akasema kazi ni nzuri. Nilitaka kuinuka nimtikise mabega. Afisa utumishi, bila kuinua kichwa, akaniandikia pembeni ya daftari lake: "Subiri."

Tukasubiri. Mama Cheche hawezi kusubiri, akaivuta ile orodha.

"Jumatano, Jumatano, Jumatano, Jumatano," akasoma. "Hii Ijumaa, na hii nyingine, na ile ya wiki jana, kila mara Alhamisi yake alishika zamu ya mtu. Mwalimu! Hizi zote ni siku baada ya kumimina sabuni!"

Sabuni yetu ni ya unga, inakuja kwenye magunia. Mmoja wetu hupasua gunia na kumimina kwenye pipa la mashine, na siku ya Mwalimu ni Jumanne. Nilimtazama. Alikuwa anautazama ukuta.

"Kifua kinabana," akasema mwishowe. "Si palepale. Kufika usiku napumua kwa shida. Nikipumzika kinaachia."

"Mbona hukusema, Mwalimu wangu?"

"Ningesemaje? Sabuni ile nani aliichagua?"

Nikakumbuka. Mwaka uliopita mkuu wa idara alituletea sampuli tatu, akamwachia Mwalimu aamue, na Mwalimu alizifulia siku tatu, akanusa, akasugua, akapitisha ile. Aliitetea mbele ya wakubwa wote. Katika miaka yake kumi na tisa ya kazi, hiyo ndiyo siku pekee waliyomuuliza yeye. Sasa ilikuwa inamkaba koo, naye alikuwa tayari kupoteza kazi kuliko kusema alikosea.

"Hukukosea," nikamwambia. "Shuka zimetakata. Sabuni ni nzuri, kifua chako ndicho hakiitaki."

Afisa utumishi alieleza kwa upole kwamba si sisi wa kusema ugonjwa unatoka wapi. Kama Mwalimu akiridhia, atapelekwa kwa daktari wa afya ya wafanyakazi. Kuanzia leo hatamimina sabuni wala kukaribia inapomiminwa, atabaki kwenye kukunja, mshahara uleule. Baada ya wiki sita tutakaa tena tuone. Tukayaandika yote. Mwalimu akachukua kalamu aweke sahihi, kisha akaiacha juu ya meza.

"Leo anamimina nani?"

Nilikuwa nimepanga zamu mimi mwenyewe, tena kwa uangalifu, ili Mama Cheche apate nafasi ya kuja kikaoni.

"Dada wa mataulo," nikajibu.

"Yule anayekohoa?"

Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshatoka. Mzee asiyeweza kupumua vizuri alishuka ngazi kwa mbio, mimi nyuma yake namwita, Mama Cheche nyuma yangu anaita kwa sauti kubwa zaidi, afisa utumishi akitufuata na daftari lake. Nilimdaka mkono kwenye mlango wa mashine.

"Umekubali usikaribie! Hata dakika kumi hazijapita!"

"Sijatia sahihi," akasema, anahema.

Nikamsukuma akae kwenye benchi la nje, nikaingia mwenyewe, nikasimamisha umiminaji. Dada wa mataulo alikuwa ameinamia pipa, khanga mdomoni, macho mekundu. Nikamtoa nje. Akakaa karibu na Mwalimu, wakawa wanakohoa kwa zamu.

Nilikuwa na orodha ya siku za mtu mmoja, nimeiandika vizuri, nimeihariri na kijana wa watu hadi usiku, na sikuwa nimewaza hata mara moja kuangalia rejista ya mahudhurio ya wengine, kama nao huugua baada ya kumimina. Nilimwomba afisa utumishi ailete palepale kwenye benchi. Mwalimu akavaa miwani yake, akaniwekea kidole kwenye jina la kwanza.

"Haya, mwanangu," akasema. "Tusome wote."

Nampenda mzee yule. Niliketi chini miguuni pake, kwenye sakafu yenye maji, na tukaanza kusoma.