Uongo wa Mara Nne

Mama alipofariki nilikuwa nimepanga chumba Njoro, nikiuza dawa dukani. Nikifunga kazi nilizoea kuingia kanisa Katoliki la jirani, kwa kuwa lilikuwa wazi hata siku za juma, nikakaa viti vya nyuma peke yangu. Baada ya mwaka nikaomba kupokelewa. Baba, mzee wa kanisa la Kilutheri huko mlimani, nilipompigia kumweleza alisema, "Sawa," akakata simu. Hakunipigia tena.

Katekista, mwalimu mstaafu, aliniambia sitabatizwa upya. Ubatizo wangu wa utotoni ulitosha. Ila kabla ya kupokelewa niungame.

"Dhambi za miaka thelathini yote, mwalimu?"

"Zile kubwa zote unazozikumbuka. Taja umefanya nini na mara ngapi. Usipambe, usifiche, usitaje majina ya watu. Padre hawezi kumwambia yeyote."

Wiki nzima nilitafiti dhamiri, na kila mara niliishia palepale. Mama alipolazwa, dada yangu alinipigia zaidi ya mara moja nikampokee kukaa na mama hospitalini. Kila alipopiga nikasema niko zamu kazini. Sikuwa zamu. Nilikuwa kitandani, naogopa kumwona mama alivyokonda.

Jumamosi nilipanga foleni na watoto wa komunyo ya kwanza. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kumrekebisha kola. Zamu yangu ilipofika nilipiga magoti, nikafanya ishara ya msalaba.

"Nibariki Padre, kwa kuwa nimekosa. Haya ni maungamo yangu ya kwanza."

Nilitaja mengine, kisha hilo.

"Ulidanganya mara ngapi?"

"Mara nne. Lakini dada naye alikuwa..."

"Hizo ni za dada yako," alisema taratibu. "Wewe lete zako."

Nikalia. Akaniuliza kama baba yupo hai. Nikasema yupo. Malipizi aliyonipa yakawa kusali Zaburi ya hamsini na moja, kisha kwenda kukaa na baba siku moja. Nikasali sala ya kutubu. Akaninyooshea mkono, akasema, "Nami nakuondolea dhambi zako, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

"Amina."

Zaburi ile niliisali bila kitabu. Niliikariri darasa la kipaimara, kwa Walutheri. Katekista alikuwa amenifundisha kwamba dhambi huondolewa palepale, malipizi ni kuanza kutengeneza ulichoharibu.

Jumapili mchana nikapanda mlimani. Nilimkuta baba akimkatia ng'ombe majani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimekuja kukaa tu."

Akanionyesha kigoda. Tulimenya maharage hadi jua likashuka, bila maneno kumi. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.

Malipizi yalikuwa yamekwisha. Jumapili iliyofuata hakuna aliyenituma, nikapanda tena.