Njugu Zilizopambwa kwa Picha

Miaka ile ya sitini nilipopelekwa kufundisha Mbwajumali, kijiji cha visiwa vya Lamu, mimi mtu wa bara nisiyejua hata kuvua viatu mlangoni, Bi mmoja jirani alinifanya mwanawe. Alikuwa akilea mjukuu yatima, kitoto kilichokuwa ndiyo kwanza kinaota meno, kwa uji wa mahindi na njugu za kusaga.

Siku moja nikaona gunia la njugu na la mahindi yameegemea ukuta wa mawe unaotoa jasho, nikanusa uvundo. Bwana Shamba wa Lamu alikuwa ametuonya juu ya sumu ya ukungu, ile ambayo wataalamu walianza kuiita aflatoksini: hudhuru ini, na kupika hakuiondoi. Ningeweza kumpelekea punje zenyewe, lakini nilikuwa na kamera mpya, na mwenye kamera mpya haambiliki. Nikamweleza Bi habari ya sumu, nikamwomba anitolee njugu na mahindi kidogo, nikayapiga picha juani.

Picha ziliposafishwa, Bwana Shamba alizitazama kwa lenzi, kando ya kadi yake ya picha za rangi za punje zilizooza. Hakuona punje iliyokunjamana, wala tobo la mdudu, wala ukungu kwenye kiini cha hindi.

"Safi," akasema. Nikashusha pumzi. Kisha akaguna. "Safi mno, mwalimu. Gunia gani la huku lina punje nzuri tupu? Na picha yako ni nyeusi na nyeupe, ukungu wa kijani-manjano nitaujuaje? Tena sumu yenyewe haipigiki picha. Rudi ukaangalie ndani ya gunia mpaka chini."

Nilirudi nimefura. "Bi, ulinichagulia?"

"Ehee! Mtu hupigwa picha amevaa leso ya jikoni? Nitoe mbovu zikaonwe Lamu, nijitie aibu?"

"Na hizo mbovu ziko wapi?"

Akanifunulia chungu: njugu zilizosinyaa zenye vumbi la kijani-manjano, na mahindi yaliyogeuka rangi. "Usinitolee mato. Mwana simpi hizi, namtilia nzuri tupu. Hizi nala mimi. Mimi nishazeeka, sumu itanifanyani?"

Hasira ikaniishia palepale, nikalia mbele yake bila haya. Nikamwambia hata hizo nzuri zimelala gunia moja na mbovu, jicho halitoshi kuziamini. Na yeye akiondoka, huyu mtoto ana nani?

Bi akampangusa mjukuu pua kwa ncha ya leso. "Hilo sikulifikiri, mwanangu."

Tukachimba shimo mbali na kuku, tukafukia yote. Nikamletea mahindi mapya makavu, tukayaweka juu ya ubao, mbali na ukuta. Uji ulipoiva, Bi alimlisha mtoto, kisha akakaa kungoja makoko yanayobaki chini ya sufuria, kama ilivyo desturi yake. Nikampakulia bakuli lake kutoka sufuria ileile.

"Na mimi pia?" akauliza.

"Na wewe pia, Bi. Kula."