Dakika Hamsini za Husna

Swaumu aliingia shuleni kabla ya kengele ya kwanza, kanga imekazwa kiunoni. Alikuwa ametoka kijijini Kwaluguru juzi, akalala kwa mdogo wake mtaa wa Manundu, anakokaa binti yake Husna ili asome Korogwe. Hapo ndipo alipoyasikia: wiki iliyopita, kwenye jaribio, Husna alinyang'anywa tena karatasi akiwa hajafika hata katikati.

"Shikamoo, mama," alisema Loveness, karani wa ofisi.

"Marahaba. Namtaka mkuu."

"Leo mitihani ya muhula inaanza, mama. Labda kesho..."

"Kwa sababu ni leo ndiyo maana nimekuja."

Mwalimu Simeo, mkuu wa shule, alisikia sauti akatoka na kikombe cha chai mkononi. "Mama Husna! Karibu. Tatizo nini tena?"

Hilo "tena" lilimchoma. Swaumu alifungua mkoba akatoa karatasi mbili. Moja ni ripoti ya kituo cha upimaji. Wataalamu walimpima Husna siku nzima wakaandika kwamba macho yake ni mazima na akili yake ni nzima, ila ana disleksia: herufi humchelewesha. Wakashauri aongezewe muda, dakika ishirini kwa kila saa ya Hisabati na kumi kwa masomo mengine. Ya pili ni nakala ya barua aliyoileta hapo wiki sita nyuma. Swaumu aliishia darasa la saba, lakini alijua kuwa barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni kama haijaandikwa. Muhuri ulikuwepo.

"Barua yangu iko wapi, mwalimu?"

Mkuu alimtazama Loveness. Loveness akavuta mafaili, moja, la pili, la tatu. Lilipofunguliwa la nne Swaumu alisogea, maana alizoea kutazama mikono ya watu kuliko midomo yao. Barua yake ilikuwa humo, ripoti imebanwa nyuma, katikati ya maombi ya sare na viatu. Juu ya faili pameandikwa MISAADA.

"Mama, wewe mwenyewe umeandika 'YAH: KUOMBA MSAADA'," alisema Loveness kwa sauti ndogo. "Za msaada zote zinasubiri kikao cha bodi."

Ni kweli aliandika hivyo. Ndivyo alivyofundishwa kuandikia ofisi: unajishusha, unaomba kuonewa huruma.

"Na ndani? Ndani hamkusoma?"

"Shughuli nyingi, mama," alisema mkuu, akacheka kidogo. "Halafu tukianza na huyu, kesho darasa zima litaumwa hiyo disleksia."

Swaumu alihisi damu ikimpanda. "Mtoto wa mwenzangu Agripina haoni vizuri, mmemwekea karatasi ya maandishi makubwa. Hamkumcheka. Wangu kwa vile ugonjwa wake hauna fimbo wala miwani, ndiyo mnamcheka? Miaka mingapi mmemwita mzembe? Mmemchapa viboko vingapi?"

Kikombe kilishuka mezani.

"Sawa, mama. Andika nyingine, kichwa kiwe sahihi, nami..."

"Siandiki! Ya kwangu imepokelewa. Sasa andika wewe. Ya mtihani wa taifa iende kwa Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri, na ripoti ndani, Baraza la Mitihani lijue mapema. Afisa mwenyewe nilimuuliza, kaniambia ombi linapitia shuleni. Na mtihani wa leo ni wa kwenu, hauhitaji ruhusa ya mtu."

Mkuu alikaa. Aliandika barua taratibu, akasaini. Loveness akagonga muhuri, akampa Swaumu nakala. Kisha mkuu akaandika kikaratasi cha kumwongezea Husna dakika hamsini, Loveness akakipeleka chumba cha mtihani.

Mtihani wa Hisabati ulianza saa mbili kamili, muda wake saa mbili na nusu. Swaumu alisimama kwenye veranda, jua likimfuata ukutani. Saa nne na nusu kengele ilipolia, wanafunzi walimwagika nje. Mwalimu Yordani, msimamizi, akakusanya karatasi meza kwa meza mpaka akafika kwa Husna, mkono umeshanyooshwa.

"Lete. Kengele imelia."

Husna aliinua kalamu, mabega yakamwanguka.

"Mwalimu!" Swaumu alikuwa dirishani. "Soma kikaratasi ulichopewa."

"Mama, wenzake wamemaliza. Wataona anapendelewa."

"Waone. Hamsini. Usimpunguzie hata moja."

Yordani alipapasa mfuko wa shati, akakitoa kikaratasi kilichokunjwa, akakisoma. Akaguna. Akavuta kiti, akakaa.

Husna hakugeuka kumtazama mama yake. Aliweka kidole chini ya mstari, midomo ikitembea, akalisoma swali la nane tangu mwanzo. Swaumu alibaki palepale dirishani, macho kwa Yordani.