Mwenye Sura Ndiye Mwenye Akaunti

Kwenye jengo lao walimwita Fundi Kurasa, na jina hilo alilitolea jasho. Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa za vitabu vya watu: pambizo, namba, vichwa vya sura, picha zinazokataa kukaa mahali pake. Wateja aliwapata kwenye jukwaa moja la kazi mtandaoni, wengi wao watu asiowahi kuwaona, na kwa miaka saba walikuwa wamemwachia nyota na maneno mazuri mpaka kazi zikawa zinamtafuta zenyewe. Nyota zile ndizo zilizokuwa mtaji wake. Duka hana, shamba hana, cheti cha maana hana.

Asubuhi moja akaandika neno lake la siri, jukwaa likamkatalia. Akaandika tena, polepole, kama mtu anayemwelekeza mtoto. Wapi.

Alichofanya ni kile ambacho mtu yeyote angefanya: alimpigia mdogo wake. Maana, tuseme ukweli, akaunti ile ilikuwa na jina la mdogo wake. Wakati wa kujiunga, kitambulisho cha Fundi Kurasa kilikuwa kimepotea na kipya kilikuwa kinazungushwa ofisi hadi ofisi, ndipo kijana akajitolea pasi yake ya kusafiria na kuketi mbele ya kamera ili sura yake ithibitishwe. Walicheka sana siku hiyo. Tangu hapo malipo yalipitia benki ya mdogo mtu, naye akamtumia dada yake bila kukawia hata mara moja. Kitambulisho kipya kilipotoka, nani tena alikumbuka kubadilisha? Mambo yalikuwa yanakwenda.

Mdogo mtu alikuja siku hiyohiyo. Akakaa, akala, akasikitika mpaka dada ndiye akawa anambembeleza. Alisema bila shaka jukwaa limeifunga akaunti, siku hizi wamekuwa wakali. Akamsihi asiwaandikie. "Utajichongea, dada. Kwa hao, mwenye sura ndiye mwenye akaunti."

Lakini kukaa kimya kulikuwa mtihani. Kuna kitabu alikuwa amekimaliza nusu, na mteja wake alikuwa anasubiri kule ndani asikoweza kuingia. Akachapisha vigezo na masharti ya jukwaa, yale ambayo sote tunayakubali kwa kidole bila kusoma, yakatoka kurasa thelathini na moja za mpangilio mbovu uliomkera hata katika hali ile. Akayapeleka kwa wakili mwenye chumba juu ya duka la rangi, akamwomba amfupishie kwa lugha ya mtu wa kawaida: wamefunga, je, ana haki gani?

Wakili alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi. Aliyapokea makaratasi, akasema haya anayafahamu, na kweli aliyafahamu. Alifunua ukurasa aliotaka bila kutafuta. Fundi Kurasa akafurahi moyoni kwamba leo amempata mjuzi.

Kuhusu kufungwa, wakili alisema, jukwaa limejipa ruhusa ya kuifunga akaunti wakati wowote, kwa sababu au bila sababu. Kama sababu ni udanganyifu wa utambulisho, hakuna hata onyo, na fedha zilizomo zinaweza kuzuiliwa wakati wanachunguza, nyingine zikarudishwa kwa wateja. Kuhusu ugomvi wa malipo, mteja huweka fedha kwanza, jukwaa hulishikilia fungu hilo, kazi ikikabidhiwa mteja ana siku kumi na nne za kuikubali au kuikataa. Wakibishana, jukwaa husuluhisha, ila anayesikilizwa ni mwenye akaunti tu. Mtu wa pembeni hana sauti, hata kama kila herufi ameipanga yeye.

"Na wakiniharibia kazi, siwezi kuwadai fidia?"

Unaweza kudai, alisema wakili, ila wameweka ukomo. Hawalipi faida uliyoikosa wala jina lililochafuka. Kikubwa utakachopata ni kiasi cha ada walichokukata katika miezi sita ya mwisho. Na mtu akiingia kwa neno la siri ulilompa mwenyewe, hapo hawawajibiki kabisa. Kuna nchi ambazo mahakama hukataa ukomo wa namna hiyo, lakini kesi hiyo ni ya mtu mwenye muda na kifua. Yote hayo aliyaandika kwa mkono kwenye karatasi moja, kwa maneno mafupi, Fundi Kurasa akifuata kalamu kwa macho.

"Na hii si mali ya kuhamishwa," wakili akamalizia. "Kwa hao, mwenye sura ndiye mwenye akaunti. Tuandike jina basi. Akaunti ni ya nani?"

Fundi Kurasa aliyasikia maneno yale, akajiuliza ameyasikia wapi. Huku akijiuliza, akataja majina matatu ya mdogo wake kama yalivyo kwenye pasi.

Kalamu ikasimama. Wakili akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasukuma makaratasi upande wa dada, pamoja na ada yake yote aliyokuwa amelipa mlangoni.

"Dada, naomba tuishie hapa. Siwezi kukuhudumia katika jambo hili."

"Kwa nini?"

"Hilo pia siwezi kukwambia. Kosa ni langu, ningekuuliza jina kabla hujakaa. Tafuta wakili mwingine, na umtafute mapema."

Fundi Kurasa alikusanya makaratasi yake. Hakuwa mwanasheria, lakini mjinga hakuwa. Wakili hawezi kuwahudumia watu wawili wanaogombea kitu kimoja. Kwa hiyo kulikuwa na mtu aliyekwisha kaa kwenye kiti kile, akafupishiwa kurasa zilezile, akaelezwa kwamba dada mtu hana pa kulalamikia. Jukwaa halikufunga chochote; mdogo wake ndiye aliyebadilisha neno la siri, na maneno yale ya sura aliyaokota hapahapa. Jamani, alikula chakula chake! Alikula, akaomba cha kuongezea, akasema pole dada.

Hakupita nyumbani kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, akamkuta mbele ya kompyuta, na kwenye kioo kulikuwa na kile kitabu cha nusu, pambizo zimeshavurugwa. Kijana hakukana. Alisema amechoka kuwa mfuko wa kupitishia fedha za mtu, jina ni lake, kodi ikija itamjia yeye. Halafu akalainisha sauti, akampa pendekezo: dada aendelee kupanga kurasa, yeye ashike wateja, amlipe kwa ukurasa.

"Uniajiri kwenye kazi yangu," alisema dada.

"Ukiwaambia, wanaifunga. Tunakosa wote. Uliza wakili yeyote."

"Nimeuliza."

Akarudi nyumbani. Akalia kwa sauti, na majirani wakasikia, liwalo na liwe. Miaka saba ile ilikuwa yake, na njia pekee ya kuthibitisha hivyo ilikuwa kuiteketeza. Alipoacha kulia, akawaandikia jukwaa kwa anwani yake mwenyewe: aliyethibitishwa sura siye anayefanya kazi, anayefanya kazi ni mimi, tangu mwanzo. Akaambatisha kitambulisho chake, akaomba yule mteja wa kitabu arudishiwe fedha zake, akatuma.

Siku tatu baadaye akaunti ikafutwa, pamoja na nyota zote. Jibu lilisema hakuna hata mmoja wao atakayeruhusiwa kufungua nyingine.

Mdogo mtu akapiga simu, sauti imepasuka. "Dada, umeiua kazi yetu."

"Leo imekuwa yetu," Fundi Kurasa akasema, akakata simu.