Kinu cha Mama Louise

Mwalimu Consolée wa Bwegera alituchorea wanafunzi wake kwa majivu njia ya miruko mitatu: kanda mbili zenye urefu sawa, kisha mchanga. Ruka kwa mguu mmoja, tua ukanda wa kwanza kwa mguu uleule. Ukanda wa pili kwa mguu mwingine. Maliza mchangani kwa miguu yote miwili.

Noella, aliyezoea kuvuka mifereji ya mpunga, alimaliza nguvu kwenye mruko wa kwanza. Uliofuata ukawa wa kifaranga, akaanguka kabla ya mchanga.

“Weye, mufereji iko mumoja tu? Kesho ni mashindano ya Uvira. Usipofika muchanga leo, unabaki!” Consolée akamfokea.

Ng'ambo ya uzio Mama Louise alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu chake. Consolée akainua kidole.

“Sikia ile muchi. Tu, tu, tu. Hakuna pigo inashinda ingine.”

Noella akaruka kwa kufuata mapigo ya mchi. Tu, tu… Mama Louise akaacha kutwanga ili atazame. Noella akaganda kwenye ukanda wa pili kwa mguu mmoja, kama korongo.

“Mama, twanga!” tukapiga kelele wote.

Akatwanga. Noella akarudia, akatua mchangani.

Asubuhi pikipiki ilinipita ikielekea Uvira: Noella, Mama Louise, na kinu katikati.