Ukuta wa Darasa la Kidato cha Nne

Mwalimu Silvana alikuwa na hasira hata kabla ya kuajiriwa. Waliosoma naye chuoni wanalikumbuka hilo. Alizaliwa Ilemba, kwa wazazi wakulima, na hisabati alifundishwa na mwalimu aliyechapa fimbo moja kwa kila namba ya jedwali la sini na kosini iliyosahaulika. Akakariri kwa woga. Miaka kadhaa baadaye, alipogundua mwenyewe kwamba namba zile zote zingeweza kupatikana kwa duara moja na pembetatu moja, hakufurahi. Alikasirika. Alitaka kujua fimbo zile zilikuwa za nini.

Hasira hiyo alikuja nayo Sumbawanga, kwenye shule ya sekondari pembeni ya Izia, pale nyumba zinapoishia na mashamba ya mahindi kuanza. Ilikuwa kipupwe, upepo wa Ufipa unapenya kwenye sweta, na alikuwa ofisini akisahihisha moko, mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne.

Swali lilitaka sini ya nyuzi thelathini, bila kikokotoo. Karatasi ya kwanza iliandika kipeuo cha tatu gawanya kwa mbili. Jibu hilo ni la nyuzi sitini. Ya pili vilevile, na ya tatu. Karibu darasa zima lilifanya kosa moja.

Mwalimu Adriano, ambaye alikuwa mwalimu wa taaluma, alichungulia juu ya bega lake.

"Wamepeana majibu hawa," alisema. "Nawafuta wote. Kesho mstarini wachapwe, wazazi waitwe."

"Subiri kwanza, Mwalimu."

"Nisubiri nini, Madam? Watu wote hawa wanakosea sawasawa kwa bahati?"

Silvana alitoka akamkuta Kija kwenye veranda. Kija alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni, msichana mrefu asiyeogopa kuuliza.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Sini ya thelathini umeitoa wapi?"

"Ukutani."

"Ukuta gani?"

"Ule wa darasani. Mwalimu Adriano alituambia tuukariri wote, na sisi tukaukariri."

Ukuta huo Silvana alikuwa akiupita kila siku bila kuusoma. Ulichorwa kwa michango ya wazazi, rangi ya bluu na njano, ili wageni wa ukaguzi wauone: jedwali la sini, kosini na tanjenti. Sasa aliusoma kwa kidole. Mstari wa sini, kwenye thelathini na sitini, ulikuwa na namba zilezile za mstari wa kosini. Fundi wa rangi alirudia namba hizo mbili, na hakuna mwalimu aliyekagua.

Adriano alipofika, alilinganisha mistari ile miwili.

"Basi fundi amekosea. Tutabadilisha namba mbili, yaishe."

"Na wanafunzi? Bado utawachapa?"

"Walitakiwa kujua."

"Wangejuaje?" Silvana alipaza sauti, na darasa la jirani likanyamaza. "Umewaambia wakariri. Wamekariri. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na njia ya kuona kwamba ukuta unawadanganya, kwa sababu hatukuwapa njia! Ukibadilisha namba mbili, kesho watakariri namba nyingine mbili. Kuna tofauti gani?"

"Madam, silabasi ni ndefu. Mtihani wa taifa unataka majibu."

"Leo majibu yamewapeleka wapi?"

Adriano aliondoka akisema anakwenda kwa mkuu wa shule. Silvana alichukua kamba, vigingi, chaki, mkasi na karatasi ya manila, akawaita wanafunzi wote wa Kidato cha Nne uwanjani. Hakuwasalimia.

Alipigilia kigingi ardhini, akafunga kamba, akavuta duara kwenye vumbi. Akachora mstari wa mlalo na wa wima, ikikutana kwenye kigingi.

"Kamba hii ndiyo moja. Usiniulize moja nini. Ni moja. Ukisimama popote kwenye duara, umbali wako kwenda kulia au kushoto kwa kigingi ndio kosini. Kimo chako juu ya mstari wa mlalo ndio sini. Basi. Kija, simama mwanzo, kulia. Sini yako?"

"Sifuri. Kosini moja."

"Nenda juu kabisa."

"Sini moja. Kosini sifuri."

"Nani kakupa jedwali?"

Hakuna aliyecheka.

Akapigilia kigingi cha pili pale mwanzo, akavuta kamba ileile hadi ikakata duara juu, akaunganisha nukta hiyo na vigingi vyote viwili. "Rhoda, pande za pembetatu hii?"

Rhoda, binti wa kiti cha mbele, alitazama chini. "Zote ni moja. Kamba ni hiyohiyo."

"Kwa hiyo pembe?"

"Sitini kila moja."

"Teremsha mstari wima kutoka ncha ya juu."

"Unakata chini katikati. Kosini ni nusu." Rhoda alichuchumaa akaandika kwa kijiti, kwa kanuni ya Pithagoras: moja toa robo, inabaki robo tatu. "Sini ni kipeuo cha robo tatu. Kipeuo cha tatu, gawanya kwa mbili."

"Sasa thelathini."

"Ni nusu ya sitini," Kija aliwahi. "Kwa hiyo kimo nacho nusu yake."

"Nani kasema? Umepima, au umeamua tu?"

Silvana alikata karatasi ya manila kwa vipimo vya nusu ya pembetatu ile ya chini, akamkabidhi. "Pembe zake?"

"Sitini, tisini... ile ya juu imegawanywa, ni thelathini."

"Ilaze. Thelathini iguse kigingi."

Kija aliilaza, upande wake mrefu kuliko zote, ulio sawa na kamba, ukiwa umeinama. Upande mfupi ukasimama wima, ule mwingine ukalala kwenye mstari. Aliutazama muda.

"Kimo ni nusu kamili," alisema taratibu. "Na kosini ndiyo kipeuo cha tatu gawanya kwa mbili." Akageuka kulitazama darasa, uso umebadilika. "Madam, thelathini iko chini, sitini iko juu. Ukuta ulisema wa chini ana kimo kirefu kuliko wa juu!"

"Ndiyo."

"Na sisi tuliandika!"

"Mliandika."

Sasa waliokasirika walikuwa wengi. Hawakungoja kuambiwa. Arobaini na tano waliipata wenyewe: kimo na umbali ni sawa, miraba yao miwili ikijumlishwa ni moja, kwa hiyo kila mraba ni nusu. Kwa mia na hamsini Rhoda alikunja duara kichwani, akageuza ile ya thelathini upande wa kushoto: sini nusu, kosini ileile lakini hasi. Mkuu wa shule alikuja na Adriano akasimama pembeni, akasikiliza hadi mwisho, akasema hakuna atakayechapwa, na swali lile lirudiwe.

Kija alinyoosha mkono. "Mkuu, nilikuwa verandani nikamsikia Mwalimu Adriano akisema tumepeana majibu. Atasema nini?"

Mkuu alisema warudi darasani.

Walilirudia swali wiki iliyofuata, likiwa limeongezewa kosini ya mia na hamsini. Wengi walichora duara dogo pembeni ya karatasi kabla ya kuandika chochote. Wengine walisahau alama ya hasi, na Silvana aliwakata maksi bila huruma. Adriano alirekebisha namba za ukutani mwenyewe, kwa brashi, akiwa peke yake. Kuwaomba radhi watoto hakuwaomba. Silvana alimkumbusha mbele ya walimu wote, kikaoni, na alipojibiwa kwamba hayo yamekwisha, alisema kwake hayajaisha, akakunja mikono.